Wacha Kuuliza "Inakaa na Chaji Masaa Mangapi?"

Swali ninaloulizwa sana kwa DM, kuliko hata lile la kamera gani ninunue, ni hili: "Hiyo laptopu inakaa na chaji masaa mangapi?" Na mimi huwa najibu kwa swali. Ukifanya nini? Watu wengine hukasirika, wanadhani najifanya mjuaji. Lakini hilo ndilo jibu lenyewe. Laptopu yangu inakaa masaa 5. Pia inakaa dakika 47. Ni laptopu moja, betri moja, siku moja.

Muuzaji akikuambia "hii ni ya masaa 8, msee, chukua tu", hajakudanganya kabisa, ila amekuambia kitu ambacho huwezi kutumia. Masaa 8 ya nini? Ya kuiangalia ikiwa imewaka? Kuna namba nyingine imeandikwa kwa betri yenyewe, kwa herufi ndogo, nayo haibadiliki kulingana na mdomo wa muuzaji. Inaitwa wati-saa, inaandikwa Wh. Ukiijua hiyo na ukajua kazi yako inakula wati ngapi, masaa utayapata mwenyewe kwa kugawanya.

Kama umewahi kununua tokeni za stima, wati-saa tayari unazijua. Ile yuniti moja unayoona ikishuka kwa mita ni wati-saa 1,000. Fikiria mtungi wa maji. Wati-saa ni maji yaliyo ndani ya mtungi. Wati ni vile umefungua mfereji. Balbu ya wati 10 ikiwaka saa 1 imekunywa wati-saa 10. Ikiwaka masaa 3 imekunywa 30. Mtungi ukiwa na 50 na wewe unachota 10 kila saa, una masaa 5. Hakuna hesabu nyingine zaidi ya hiyo, na mtu wa darasa la tano anaiweza.

Shida ni kwamba kwa simu na pawabanki hawatuandikii Wh kwa herufi kubwa. Wanatuandikia mAh, kwa sababu ni namba kubwa na inapendeza machoni. Simu yangu ni 5,000 mAh. Betri ya laptopu yangu ni 4,386 mAh. Ukiangalia hivyo tu utasema simu ina betri kubwa kuliko laptopu, na hapo ndipo watu wengi hupotelea. mAh bila volti haisemi kitu. Unazidisha mAh na volti, unagawanya kwa 1,000, unapata Wh. Simu ni 5,000 mara volti 3.85, hiyo ni kama wati-saa 19. Laptopu ni 4,386 mara volti 11.4, hiyo ni wati-saa 50. Sasa unaona mkubwa ni nani.

Lakini hiyo 50 ni ya siku laptopu ilipotoka kiwandani. Yangu ni ya mtumba, imefanya kazi kwa ofisi ya mtu huko ng'ambo kabla ya kufika Nairobi. Kama yako ni ya Windows, fungua ile skrini nyeusi ya kuandika amri na uandike hivi:

```
powercfg /batteryreport
```

Itatengeneza ripoti na kukuonyesha imeihifadhi wapi. Ifungue, tafuta mistari miwili: `DESIGN CAPACITY` na `FULL CHARGE CAPACITY`. Zimeandikwa kwa mWh, kwa hivyo ondoa sifuri tatu kichwani. Yangu ya kwanza inasema 50,000. Ya pili inasema 36,400. Maana yake ni kwamba ikisema asilimia 100 pale chini, hiyo 100 ni ya mtungi uliopungua, wa wati-saa 36.4, sio 50. Robo nzima na zaidi imeenda na miaka. Kwa hivyo unaponunua laptopu ya mtumba, endesha hiyo amri hapo hapo dukani kabla hujatuma pesa. Muuzaji akikataa, si umejua.

Na hata hiyo 36.4 mimi siihesabu yote. Betri iliyozeeka haishuki vizuri mpaka mwisho. Ikifika karibu na asilimia 15, ukiipa kazi nzito, volti inaanguka ghafla na laptopu inazima hata kama namba bado inasema 9. Ukiona yako inaruka kutoka 22 hadi 8 kwa dakika moja, ni hiyo. Kwa hivyo natoa asilimia 10, nabaki na 33. Hiyo 33 ndiyo pesa niliyonayo mfukoni, na kutoka hapa tutapiga bajeti nayo.

Sasa upande wa wati. Wati huzipati kwa stika ya chaja. Chaja yangu imeandikwa 65W, lakini hiyo ni kiwango cha juu inachoweza kutoa, sio kile laptopu inakula. Unachofanya ni hivi. Chomoa chaja betri ikiwa karibu 80, fanya kazi ya aina moja tu kwa nusu saa, bila kuchanganya, halafu uangalie imeshuka asilimia ngapi. Kwa nini 80? Kwa sababu pale juu kwa 100 na pale chini kwa 20 ile namba huwa haisemi ukweli wote. Katikati ndiyo inatulia.

Kwangu, asilimia 1 ni wati-saa 0.364. Nikiandika tu, mwangaza wa skrini ukiwa nusu, nusu saa inakula asilimia 9. Hiyo ni wati-saa 3.3 kwa nusu saa, kwa hivyo kwa saa nzima ni karibu wati 6.6. Mkutano wa video, kamera ikiwa imewashwa, ulikula asilimia 19, na hiyo inakuja wati 14 hivi. Watu hushangaa na hiyo ya mkutano. Wanafikiria umekaa tu unasikiliza, lakini laptopu inabana video yako, inaituma, inapokea za wengine na kuzifungua, yote kwa wakati mmoja. Kuediti video za kamera yangu moja kwa moja kulikula asilimia 33, karibu wati 24. Na kurenda, ile hatua ya mwisho ya kutoa faili moja iliyokamilika, nilipima dakika 10 tu kwa sababu inauma: asilimia 19. Hiyo ni wati 42.

Gawanya 33 kwa kila mojawapo. Kuandika, masaa 5. Mkutano wa video, masaa 2 na dakika 20 hivi. Kuediti, saa 1 na dakika 20. Kurenda, dakika 47. Ndiyo hayo majibu mawili niliyokupa pale juu, masaa 5 na dakika 47, na hakuna hata moja lililo uongo.

Kwa nini nimekaa chini nikapima hivi kama mtu anayefanya mradi wa sayansi? Kwa sababu mwezi uliopita lilitoka tangazo kwamba stima itakatwa mtaani kwetu kwa ajili ya matengenezo, saa 3 asubuhi mpaka saa 11 jioni. Masaa 8. Siku hiyo hiyo mdogo wangu alikuwa na mtihani wa mtandaoni, saa 4 hadi saa 6, kamera lazima iwe imewashwa muda wote, ukipotea kwa skrini ni shauri yako. Laptopu yake ilikuwa kwa fundi. Na mimi nilikuwa na video ya ruracio ya mteja, ambayo familia ilitaka kuiangalia pamoja jioni. Ilikuwa ifike kabla ya saa 10. Nusu ya malipo ilikuwa bado kwa mteja, na hiyo nusu ndiyo ilikuwa kodi.

Mdogo wangu aliuliza, "Bro, si tutaenda tu kwa kahawa ya mtu?" Ungefanyia mtihani wa kamera mahali watu wanaagiza chipsi nyuma yako? Hapana. Tulikaa na karatasi.

Mtihani, masaa 2 kwa wati 14, ni 28. Kuediti kulikobaki, nilikadiria masaa 2 kwa wati 24, ni 48. Kurenda dakika 20 kwa wati 42, ni 14. Kupakia video mtandaoni, saa nzima kwa wati 8, ni 8. Jumla 98.

Tulichokuwa nacho: 33 ya laptopu, na pawabanki. Pawabanki yangu imeandikwa 20,000 mAh kwa herufi unazoweza kusoma ukiwa ng'ambo ya barabara. Igeuze, soma nyuma. Kuna 74Wh, ambayo ni 20,000 mara volti 3.7 ya seli za ndani. Halafu chini yake kabisa imeandikwa `Rated Capacity 12,500mAh` kwa 5V. Hiyo ndiyo namba ya kweli, hiyo ndiyo unayopata ikitoka kwa waya. 12,500 mara 5 ni wati-saa 62.5. Zile zingine 11 na nusu zinapotea kama joto wakati volti inapandishwa, ndiyo maana pawabanki huwa moto kidogo ukiishika. Kwa hivyo 33 na 62 ni 95.

Tunahitaji 98, tuna 95. Na hapo bado sijataja intaneti. Ruta ya waifai inaonekana kitu kidogo, kula yake ni kama wati 8 tu, lakini haipumziki. Ukiiacha masaa yote 8 inakunywa 64, zaidi ya pawabanki nzima. Kitu kidogo kinachokaa muda mrefu kitakumaliza kuliko kitu kikubwa cha dakika 20. Ruta ikatolewa kwa mpango. Tukasema tutatumia hotspoti ya simu kwa yale masaa 3 tu yenye haja, mtihani na kupakia. Bando iliniuma lakini ndiyo hivyo.

Bado tulikuwa na upungufu wa 3, na mimi siendi vitani na upungufu. Dawa haikuwa kununua pawabanki nyingine. Dawa ilikuwa kubadilisha kazi. Usiku huo, stima ikiwa bado ipo, niliiambia programu ya kuediti itengeneze nakala nyepesi za klipu zote. Unaediti ukitumia hizo nakala, halafu wakati wa kurenda programu inarudi kwa klipu za asili, ubora haupotei. Ile kazi nzito ya kufungua klipu kubwa kila unapobonyeza pleyi inaisha. Nilipima tena nusu saa: asilimia 22 badala ya 33. Kutoka wati 24 hadi 16. Masaa 2 ya kuediti yakawa 32 badala ya 48, na jumla ikashuka hadi 82. Sasa tulikuwa na akiba ya 13.

Kuna jambo la mpangilio ambalo ningetaka ulishike, kwa sababu watu wengi hulifanya kinyume. Kawaida mtu hutumia betri ya laptopu mpaka inakaribia kufa, ndipo achomeke pawabanki. Ukifanya hivyo, pawabanki inabeba mizigo miwili: inaendesha laptopu na inachaji betri iliyo tupu. Na kila mara umeme unapoingia kwa betri na kutoka tena, kuna sehemu inapotea njiani. Sisi tulichomeka pawabanki stima ilipopotea tu, laptopu ikiwa 100. Betri imejaa, haina haja ya kuchajiwa, kwa hivyo wati zinaenda moja kwa moja kwa kazi. Pia mdogo wangu akiwa katikati ya mtihani na pawabanki izime, betri iliyojaa inachukua hapo hapo bila yeye hata kujua. Na ile kurenda ya wati 42 ingekuja betri ikiwa bado juu, sio pale chini ambapo hii yangu huanguka ghafla.

Mambo mawili kuhusu hili. Kwanza, si kila pawabanki itaendesha laptopu. Wh ni ukubwa wa mtungi, lakini mdomo wa mtungi ni wati inazoweza kutoa kwa wakati mmoja. Yangu inatoa 65W kupitia tundu la USB-C. Ile ya kawaida ya 18W au 22.5W inaweza kuwa na mtungi ule ule, lakini laptopu itaikataa, au itachaji polepole huku inashuka. Pili, laptopu ikiona waya inadhani uko kwa stima, kwa hivyo inapandisha mwangaza na kasi. Ingia kwa mipangilio uirudishe kwa hali ya kubana matumizi, la sivyo ile 14 uliyopima inakuwa 18 bila kukuuliza.

Stima ilienda saa 3 na dakika 10. Mtihani ukaisha saa 6 kamili, pawabanki bado inapumua. Nikaanza kuediti saa 6 na dakika 5. Saa 8 kasoro dakika 10, pawabanki ikazima.

Hapo unaweza kupima pawabanki yako kwa kweli. Ilibeba mtihani wa 28, halafu saa 1 na dakika 45 za kuediti kwa wati 16, ambazo ni 28 nyingine. Jumla 56. Imeandikwa 62.5. Seli zake zina mwaka na nusu za kubebwa kwa mkoba kwenye matatu, kwa hivyo kupungua kwa sehemu ya kumi hakunishangazi, na tangu siku hiyo ndiyo namba ninayotumia. Nilimaliza kuediti kwa betri ya laptopu saa 8 na dakika 5, kurenda kukachukua dakika 20, na kupakia kukachukua dakika 55 kwa sababu mtandao wa mchana ni wa mchana. Mteja alipata linki saa 9 na dakika 20. Laptopu ilikuwa karibu asilimia 30. Stima ilirudi giza likianza kuingia, lakini wakati huo hatukuwa tunaihitaji tena. Kodi ililipwa.

Nilipoandika kuhusu hii siku kwa ufupi, watu kadhaa waliniuliza kama basi si afadhali kununua zile pawabanki za 50,000 mAh zinazouzwa Luthuli kwa bei ya kuku. Piga ile hesabu. 50,000 mara 3.7 ni wati-saa 185. Ile seli ya duara inayotumika kwa pawabanki nyingi, ya ukubwa wa kidole gumba, hata ikiwa nzuri kabisa inabeba 3,500 mAh na ina uzito wa karibu gramu 48. Ili upate 50,000 unahitaji seli 14 au 15. Hizo peke yake, bila ganda wala waya, zinakaribia gramu 700. Kwa hivyo ukiishika na ni nyepesi kama simu mbili, hakuna 50,000 mle ndani, hata sanduku liseme nini. Ipeleke kwa mizani ya bucha ya jirani kama unashuku. Na kama nyuma haijaandikwa Wh wala `Rated Capacity` popote, mimi huirudisha kwa kaunta na kusonga duka lingine.